Mweusi mmoja kati ya watatu si nyutro: kufunga silingi rozi mpya na kuzitambua nyaya zake

*Assalaamu alaykum fundi. Niko Wete, nyumba ya marehemu baba. Silingi rozi ya ukumbini ilipasuka, nikanunua mpya pamoja na taa ya kuning'inia. Nilipoifungua ya zamani nilikuta nyaya nyekundu tatu, nyeusi tatu na shaba tupu tatu. Nikafunga nyekundu zote pamoja na kahawia ya taa, nyeusi zote pamoja na buluu. Sasa taa inawaka hata swichi ikiwa imezimwa, na nikiwasha swichi breka ya taa inaruka. Nimekosea wapi? Na nitajuaje upi wa moto, upi nyutro, upi ethi?*

Wa alaykumu salaam dada yangu. Breka hiyo iache imezimwa na swichi usiiguse tena mpaka umalize kusoma. Kila unapoiwasha, moto unakutana na nyutro moja kwa moja, na cheche inapiga ndani ya swichi. Breka inafanya kazi yake, lakini vyuma vya swichi vinaungua kidogo kidogo.

Kosa ni moja tu: kati ya zile nyeusi tatu, mbili ni nyutro na moja siyo. Hiyo moja ni waya wa kurudi kutoka kwenye swichi, na swichi ikiwashwa unabeba moto kamili, volti 230, sawasawa na mwekundu.

Nyumba nyingi za zamani hapa kwetu zilifungwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambapo silingi rozi haikuwa pambo la kufunika tundu bali ndiyo makutano yenyewe. Kebo ya kwanza inaleta umeme kutoka kwenye boksi la breka. Ya pili inaondoka na umeme uleule kwenda taa ya chumba kinachofuata. Ya tatu inateremka ukutani hadi kwenye swichi. Kila kebo ina mwekundu, mweusi na shaba ya ethi, ndiyo maana ukapata tatu tatu.

Ufuate umeme unavyotembea. Moto unafika kwa mwekundu wa kebo ya kwanza. Pale kwenye rozi unagawika: mwekundu wa pili unaupeleka chumba cha mbele, mwekundu wa tatu unauteremsha kwenye swichi. Kwa hiyo nyekundu zote tatu zinakaa pamoja, na zina moto saa zote, swichi iwe juu au chini. Swichi ikifunga, moto unapanda tena kwa mweusi wa kebo hiyohiyo ya tatu, unaingia kwenye waya wa kahawia wa taa, unapita kwenye globu, unatoka kwa buluu na kurudi kwa nyutro. Fundi wa zamani alitumia mweusi kupandisha moto kwa sababu kebo aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa na mwekundu mmoja na mweusi mmoja, basi. Alipaswa kuuvika tepu nyekundu kichwani ili ajaye ajue. Wengi hawakuvika, na wa nyumba yenu inaelekea hakuvika, au tepu imekauka ikadondoka.

Sasa dalili zako zinajieleza. Kahawia umeifunga na nyekundu zote, yaani na moto wa kudumu, na buluu iko kwenye nyutro. Taa itaacha kuwaka vipi? Swichi imepitwa kabisa. Na ukiwasha swichi, unaunganisha mwekundu wake na mweusi wake, lakini mweusi huo umeshaufunga na nyutro. Hiyo ni shoti, na breka inaruka papo hapo.

Kuhusu rangi. Mpangilio wa zamani ni mwekundu kwa moto, mweusi kwa nyutro, kijani au shaba tupu kwa ethi. Mpya ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Waingereza wenyewe walianza kuhamia rangi mpya mwaka 2004, na tangu 2006 kazi zao mpya zinatakiwa kuwa za rangi mpya tu. Kwetu utazikuta zote mbili, wakati mwingine ndani ya nyumba moja: ukumbi wa baba una nyekundu na nyeusi, chumba kilichoongezwa nyuma kina kahawia na buluu. Hatari zaidi ni kwamba kwenye umeme wa fezi tatu, buluu ilikuwa fezi ya moto katika mpangilio wa zamani, na mweusi ni fezi ya moto katika mpangilio mpya. Rangi inakwambia fundi alikusudia nini. Kilichomo ndani ya waya utakijua kwa kupima.

Kabla ya kupanda ngazi, zima meni swichi na uzime pia breka ya taa. Vyote viwili, na nitakwambia kwa nini. Breka ya kawaida ya taa inakata moto peke yake, nyutro inabaki imeungwa. Kama kuna mtu aliwahi kubadilisha moto na nyutro kwenye boksi, basi utakuwa umekata nyutro na moto bado uko juu darini. Meni swichi inakata pande zote mbili. Breka nayo inautenga mzunguko wa taa na friji na vitu vingine, jambo utakalolihitaji wakati wa kupima.

Na usifanye kazi hii kwa kutegemea umeme umekatika, au yuniti za tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zimekwisha. Pemba umeme unatufikia kwa kebo ya chini ya bahari kutoka upande wa Tanga tangu 2010, na laini ikikatika hakuna anayekupigia simu kabla ya kuurudisha. Yuniti nazo mtoto anaweza kuingiza akiwa sebuleni, kwa nia njema kabisa, wewe umeshika shaba mkononi. Kama nyumba ina inveta au jenereta, nayo izime. Boksi la breka libandike karatasi, na umwambie kila aliye ndani.

Kisha pima. Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo ni maarufu kwa kuwa ni rahisi, lakini ina tabia mbili mbaya. Kitaa chake kinawaka kwa sababu umeme kidogo mno unapita mwilini mwako hadi ardhini, kwa hiyo ukiwa umesimama juu ya ngazi kavu ya mbao na kandambili za mpira kinaweza kisionekane hata moto ukiwapo. Kwa upande mwingine, waya ulioachwa wazi ukipita sambamba na wenye moto unaweza kukiwasha kwa kuambukizwa tu. Azima au nunua kipimo chenye nyaya mbili kinachosoma volti. Kijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kabla hujazima. Zima, panda, pima nyekundu na nyeusi, nyekundu na ethi, nyeusi na ethi. Zote zinatakiwa zisome sifuri. Ukishamaliza rudisha umeme wa meni kwa muda mfupi tu, kijaribu tena kipimo kwenye ile soketi, halafu uzime upya. Kipimo kilichokufa betri nacho kinasoma sifuri.

Ukiwa na hakika, fungua vifungo vyako vyote ili ncha tisa zisigusane. Hapa ndipo watu wanapotaka kujua kila kebo inatoka wapi, na kumbe hawahitaji. Kebo ya kuleta umeme na ya kuupeleka mbele zinafungwa kwa namna moja, hata ukizibadilisha nafasi hakuna kinachoharibika. Unayoitafuta ni moja tu, ya swichi.

Weka kipimo kwenye alama ya omu, au ile inayolia. Shika mwekundu na mweusi wa kebo moja, yaani wanaotoka kwenye ganda moja, na mwambie mtu awashe na kuzima swichi ya ukumbini mara kadhaa. Kebo ambayo kipimo kinalia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa, kufuatana na kidole cha aliye ukutani, ndiyo ya swichi. Nyingine hazitajali swichi hiyo. Zinaweza kuonyesha namba fulani, maana kuna globu za vyumba vingine kwenye mzunguko, kwa hiyo ni vizuri swichi za vyumba hivyo ziwe zimezimwa. Usisome namba, soma mabadiliko. Kama huna kipimo cha omu, betri mbili za tochi na globu yake ndogo zilizofungwa kwenye nyaya mbili zinatosha: kiglobu kitawaka na kuzima kwa swichi.

Ukiipata, vika mweusi wake tepu nyekundu au kahawia hapohapo, kabla hujashuka kunywa maji.

Kuna hali moja ya kuangalia. Kama swichi hiyohiyo ilikuwa inawasha pia taa nyingine, tuseme ya barazani, basi moja ya kebo hizo tatu huenda inaelekea taa hiyo, na mwekundu wake hauendi na wekundu wenzake. Unakwenda na mweusi wa swichi uliouvika tepu, na mweusi wake unakwenda nyutro. Utajua kwa kuuliza nyumbani: taa zipi zilikuwa zinawaka kwa swichi ile? Kama ni ya ukumbi peke yake, endelea. Na kama ukumbi una swichi mbili za taa moja, mlangoni na ngazini kwa mfano, hilo ni darasa jingine, mwite fundi.

Kwa wasomaji wengine ambao nyumba zao ni za zege na nyaya zimepita kwenye mabomba, huenda mtakuta nyaya mbili tu kwenye rozi, pengine na ethi. Hapo makutano yalifanyika kwenye swichi au kwenye boksi, na mnachokiona ni moto uliotoka kwenye swichi na nyutro. Kazi yenu ni nyepesi.

Tuje kwenye rozi mpya. Ndani ina makundi matatu ya vibanio vya skrubu, na kimoja cha peke yake cha ethi. Kundi la kati kwa kawaida ni la moto wa kudumu: nyekundu zote tatu ziingie humo, na hakuna waya wa taa unaoingia hapo. Kundi la nyutro lipokee nyeusi mbili pamoja na buluu ya taa. Kundi lililobaki lipokee mweusi wenye tepu pamoja na kahawia ya taa. Ukiangalia, nyekundu za kudumu na kahawia hazikutani popote isipokuwa kupitia swichi, na hilo ndilo lililokosekana mwanzo.

Shaba tupu tatu usiziache zikining'inia. Zivike mrija wa kijani na njano, ubakishe ncha tu, uzibane zote tatu kwenye kibanio cha ethi. Hata kama taa yako ni ya plastiki na haina waya wa ethi, ziunganishe, maana ile ya pili ndiyo inayopeleka ethi vyumba vya mbele. Ukiziacha wazi, vyumba vyote vinavyofuata vimepoteza kinga bila mtu kujua.

Menya ganda la rangi kiasi cha milimita 8 hadi 10, isizidi. Shaba isionekane nje ya kibanio. Kwa upepo wetu wa chumvi, ncha za zamani huwa zimegeuka kijani au nyeusi. Zikate na umenye upya kama waya una urefu. Kama ni mfupi, zikwangue kwa kisu mpaka shaba ing'are. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya mmoja mmoja. Unaotoka kwa kuvutwa kwa vidole ungekuja kutoka wenyewe siku moja, au kuanza kupasha moto plastiki. Waya wa taa wa nyuzinyuzi usokote kwanza, na usiusahau kuupitisha kwenye vile vikulabu viwili vya pembeni mwa rozi. Uzito wa taa unabebwa na vikulabu hivyo, siyo na skrubu za vibanio. Na kitako cha rozi kisishikiliwe na silingi bodi tupu: tafuta ubao au boriti nyuma yake, au ufunge kibao.

Uzito nao una mpaka. Waya laini wa milimita za mraba 0.5 haupaswi kuning'iniza zaidi ya kilo 2, wa 0.75 kilo 3, na wa 1.0 kilo 5. Taa ya kikapu cha ukindu na globu ya LED haifiki huko. Lakini zile za vioo na vyuma zinazouzwa siku hizi zinafika na kupita, na hizo zinataka ndoano yake iliyoshika boriti, si silingi rozi.

Kwenye holda, kama globu yako ni ya kuzungusha, kahawia lazima iende kwenye kibanio cha kile kibati cha katikati chini kabisa, na buluu iende kwenye kikombe chenye mikunjo. Ukibadilisha, taa itawaka vizuri tu na hutaona kosa lolote, mpaka siku mtu anabadilisha globu swichi ikiwa imewashwa na kidole kikagusa chuma cha globu. Holda ya pini mbili haina tofauti hiyo, ndiyo sababu mojawapo mimi bado naipenda, ingawa madukani globu zake zinapungua.

Ukishafunika rozi, kabla ya kuweka globu, zima swichi, washa meni kisha breka. Breka ikikaa, washa swichi. Ikikaa tena, shoti imekwisha. Zima, weka globu, washa. Swichi ikiwa ngumu, inanukia kuungua, au inasikika ikitafuna ndani, ibadilishe; zile shoti zimeshaila. Na asitokee mtu kukushauri uweke breka kubwa zaidi ili "isisumbue". Taa zinataka breka ya ampea 6, au fyuzi ya 5, kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Ukiweka ya 20, shoti ndogo iliyofichika itaunguza waya darini breka ikiwa imetulia.

Bado kuna kupima moto, nyutro na ethi umeme ukiwapo, na hapa nakuomba umwachie mwenye mazoea, au angalau usimame imara na ushike ncha za kipimo pale penye plastiki. Namna ya kusoma ni hivi. Moto na nyutro hutoa takriban 230, jioni wakati wa matumizi makubwa inaweza kushuka. Moto na ethi hutoa karibu hiyohiyo. Nyutro na ethi hutoa sifuri au volti chache. Waya pekee unaotoa namba kubwa na wenzake wote wawili ndio wa moto. Ukipata moto na ethi inasoma namba ya ajabu, 70 au 110 inayoyumba, ethi yako haijafika popote: imekatika njiani, au ile nondo ya ethi iliyopigwa ardhini nje ya nyumba imeliwa na kutu kwenye kifungo chake. Lakini hata ikisoma 230, hiyo inaonyesha tu kwamba ethi ipo. Kama ina nguvu ya kubeba hitilafu na kuirusha breka, hilo linapimwa na fundi kwa kifaa chake.

Kipimo hicho kina uzito kwako kutegemea taa uliyonunua, na hukuniambia ni ya nini. Ikiwa mwili wake ni chuma, utaona ndani waya wa kijani na njano. Huo lazima ubanwe na ethi, na ethi lazima iwe hai. Ikiwa ni plastiki, mbao au ukindu, na ina alama ya mraba ndani ya mraba, haihitaji ethi. Kwa hiyo kama ni ya chuma na ethi ya nyumba imekufa, usiifunge kwa sasa. Funga holda ya plastiki ya kawaida, mwite fundi arekebishe nondo, halafu ya chuma ipande.

Jambo la mwisho la kukagua, kwa kuwa nyumba ni ya zamani: zima swichi, toa globu, kisha fundi apime kati ya ethi na kibanio cha buluu cha holda. Kisome sifuri au volti chache. Kikisoma 230 swichi ikiwa imezimwa, basi swichi inakata nyutro badala ya moto, na kosa hilo haliko kwenye rozi uliyoifunga wewe. Liko kwenye boksi la breka au kwenye rozi ya chumba kilichotangulia, na vyumba vyote vya mbele vinaweza kuwa nalo. Nyaya zilizo kabla ya mita ni za shirika la umeme. Huko asiguse mtu wa nyumbani.